Mbuzi wanane wa Garissa na majibu matatu ya uongo

Nilipokuwa nikifundisha hisabati katika shule moja ya msingi mjini Garissa, nilitunga swali ambalo lilinipendeza mno hata nikalitumia katika mitihani miwili ya muhula. Kwa vile wengi wa wazazi wa watoto wale walikuwa watu wa mifugo, niliona heri niachane na maembe na machungwa ya vitabuni, nizungumze juu ya mbuzi. Swali lenyewe lilikuwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya somo hilo, lakini kwa Kiswahili lilikuwa hivi:

Mfanyabiashara alinunua mbuzi 8 mjini Garissa kwa jumla ya shilingi 48,000. Akalipa shilingi 2,000 kuwasafirisha hadi Kiamaiko, Nairobi, ambako aliwauza wote kwa shilingi 60,000. Alipata faida ya asilimia ngapi?

Chini yake nikaweka majibu manne: 10, 16, 20 na 25. Jibu sahihi ni 20. Gharama zote ni shilingi 50,000, faida ni shilingi 10,000, na elfu kumi juu ya elfu hamsini ni ishirini kwa mia.

Siku ya kurudisha karatasi nilimwita ubaoni msichana mmoja aliyekuwa amelipata swali hilo, awaonyeshe wenzake njia. Nilishangaa kidogo kwamba alikuwa amelipata, maana hesabu za faida zilikuwa zikimsumbua tangu mwanzo wa mwaka. Akashika chaki. Akatoa 48,000 kutoka 60,000, akapata 12,000. Nauli ya lori hakuigusa. Kisha akagawanya 12,000 kwa 60,000, yaani bei ya kuuzia badala ya gharama, akazidisha kwa mia. Jibu? Ishirini.

Darasa likapiga makofi. Mimi nilibaki nimesimama kando ya dirisha nikihesabu upya kichwani. Mtoto alikuwa amefanya makosa mawili makubwa, na makosa hayo mawili yalikuwa yamefutana. Mbaya zaidi, alikuwa ameitumia njia ileile tangu mtihani wa muhula uliotangulia, na mimi kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimemtilia alama ya pata. Kwa nini aiache njia ambayo mwalimu wake ameisifu?

Tangu siku hiyo nilianza kuyatazama maswali ya kuchagua kwa jicho jingine. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mwalimu ni kuandika swali na jibu lake, kisha kutupa majibu mengine matatu yoyote ili nafasi zijae. Ukweli ni kwamba yale matatu ya uongo ndiyo yenye kazi. Walimu wengine huyaita vipotoshi.

Makosa ya watoto ndiyo malighafi

Kipotoshi kizuri hakitoki kichwani mwa mwalimu. Hutoka katika madaftari ya wanafunzi. Njia niliyokuja kuifuata ni hii: kwanza nalitoa swali bila majibu ya kuchagua, kila mtoto aandike jibu lake na hesabu zake zote. Kisha nayapanga majibu yaliyokosewa mafungu mafungu na kutazama kila fungu limetokana na kosa gani. Ukifanya hivyo utaona jambo la ajabu. Watoto arobaini hawakosei kwa njia arobaini. Hukosea kwa njia tatu au nne tu, na zilezile hurudi mwaka baada ya mwaka.

Katika hesabu ya mbuzi makosa yalikuwa matatu. Wapo waliosahau nauli. Wapo waliokumbuka nauli lakini wakagawanya faida kwa bei ya kuuzia. Na wapo waliofanya yote mawili kwa pamoja, kama msichana yule. Kwa hiyo ni lazima mwalimu apitie kila njia ya makosa na kuona inamfikisha wapi mtoto. Nilipofanya hivyo kwa swali langu la kwanza, niliona kwamba kosa la nauli linaleta 25, kosa la kugawanya linaleta 16 na theluthi mbili, na makosa yote mawili yanaleta 20. Ile 10 niliyoiweka haikuwa nyumbani kwa mtu yeyote. Na ile 16, ambayo niliikata sehemu yake ili ionekane nadhifu, ilimwambia aliyekosea kwamba amekosea, kwa kuwa jibu lake halikuwapo. Akarudi kuhesabu upya. Mwenzake aliyesahau nauli hakupata onyo kama hilo.

Tiba ilikuwa kubadili tarakimu. Nilitafuta kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani, na mwishowe nikapata hizi: mbuzi 8 kwa shilingi 40,000, usafiri shilingi 8,000, mauzo shilingi 60,000. Sasa gharama zote ni 48,000 na faida ni 12,000, yaani asilimia 25. Aliyesahau nauli anapata 20,000 juu ya 40,000, asilimia 50. Aliyegawanya kwa bei ya kuuzia anapata asilimia 20. Aliyefanya makosa yote mawili anapata 20,000 juu ya 60,000, asilimia 33 na theluthi. Kila njia ina mlango wake, na hakuna wawili wanaotokea mlango mmoja. Nikayapanga majibu kuanzia dogo hadi kubwa, 20, 25, 33 na theluthi, 50, ili mahali pa jibu pasiwe dokezo. Walimu wengi tuna kasumba ya kulificha jibu sahihi katikati, kwenye B au C, bila hata kujijua. Ukizipanga namba kwa ukubwa wake, kasumba hiyo inakosa nafasi.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe bado.

Mzee wa soko la mifugo

Jioni moja nilikuwa nikizungumza na mzee mmoja mfanyabiashara, mzazi wa mmoja wa wanafunzi wangu, nikamsimulia swali langu kama utani. Akalisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Na jibu lako ni lipi, mwalimu?”

“Ishirini na tano, mzee.”

“Mimi ningesema ishirini. Nikiuza mbuzi wa elfu sitini, mfukoni mwangu hubaki elfu kumi na mbili. Katika kila mia niliyopokea, ishirini ni yangu. Hivyo ndivyo tunavyohesabu sisi.”

Nilitaka kumkosoa, kisha nikanyamaza. Mzee hakuwa amekosea. Duniani kote wapo wafanyabiashara wanaopima faida juu ya mauzo, na wapo wanaopima juu ya gharama. Vitabu vya shule vimechagua gharama, lakini swali langu halikusema hivyo. Mtoto wa mzee yule angeweza kuchagua 20 kwa akili timamu kabisa, akaandikiwa kosa kwa sababu anaijua biashara kuliko mwalimu wake.

Hapo ndipo penye kiini cha haki katika maswali ya namna hii. Kipotoshi kinapaswa kumvutia asiyejua, lakini lazima kiwe kosa mbele ya anayejua, bila mabishano. Kikiweza kutetewa na mtu mwenye ujuzi, hicho si kipotoshi tena. Ni jibu la pili. Kwa hiyo nikabadili sentensi ya mwisho ikawa: “Faida hiyo ilikuwa asilimia ngapi ya gharama zake zote?” Maneno manne yaliongezeka, na mzee akawa hana hoja. Nilipomrudia alicheka, akasema sasa nimeuliza kama mtu anayetaka kujibiwa.

Huku Kaskazini Mashariki mtego wa namna hiyo ni rahisi sana kutegwa, maana vitabu na mitihani mingi hutungwa mbali na hapa. Chukua swali dogo la madarasa ya chini: “Nani hujenga nyumba?” na chini yake yapo majibu mama, mwashi, mwalimu na dereva. Mtunzi wa mjini anasubiri “mwashi”. Lakini kati ya Wasomali wafugaji, ile nyumba ya fito na mikeka inayofunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia wakati wa kuhama ni kazi ya wanawake. Mtoto aliyemwona mama yake akiisimamisha atachagua “mama”, naye atakuwa amesema kweli. Na tusije tukadhani kwamba dhuluma ni ya upande mmoja. Nikitunga swali linalohitaji kujua ngamia hunyweshwa baada ya siku ngapi, mtoto wa Kisii atakuwa ndiye wa kulalamika. Garissa haina reli, lakini swali la gari moshi halimwonei mtoto wa huku iwapo saa za kuondoka na kufika zimeandikwa palepale. Swali linapomtaka ajue kitu ambacho hakikufundishwa darasani, na ambacho jirani yake wa mkoa mwingine hukiona kila siku, hapo ndipo anapoonewa.

Swali linalojijibu lenyewe

Upande wa pili wa dhuluma ni kumpa alama asiyestahili. Lugha yetu ya Kiswahili ina mwanya mmoja ambao watunzi wengi hawauoni. Hebu tazama swali hili:

Mmea hufyonza maji kutoka ardhini kwa kutumia ______ yake.
A. shina
B. mizizi
C. ua
D. majani

Mwanafunzi aliyelala usingizi somo zima la mimea anaweza kuondoa majibu mawili kwa ngeli tu. Hatusemi “shina yake” wala “ua yake”. Yanabaki mizizi na majani, na bahati yake imepanda kutoka moja kwa nne hadi moja kwa mbili. Na ni nani anayenufaika zaidi na mwanya huo? Ni yule aliyekulia nyumba ya Kiswahili. Mtoto wa Garissa anayezungumza Kisomali nyumbani, ambaye ngeli amejifunza shuleni, hupitwa na dokezo hilo hata kama mimea anaijua vizuri. Dawa yake ni kuliandika swali hivi: “Sehemu ya mmea inayofyonza maji kutoka ardhini ni ipi?” Hapo majibu yote manne yanakaa sawa. Kiingereza nacho kina mwanya wa aina hiyo, kwa kile kineno kinachotangulia nomino na kubadilika nomino ikianza kwa irabu.

Kuna pia jibu refu. Mwalimu huogopa jibu lake sahihi lisije likabishaniwa, kwa hiyo hulirembesha kwa “aghalabu” na “katika hali ya kawaida”, huku ya uongo akiyaacha mafupi na makavu. Wanafunzi hujifunza haraka kuchagua refu.

Si madhara madogo. Katika karatasi ya maswali 50 yenye majibu manne manne, anayekisia tu atatarajia kupata kama 12 au 13. Kila swali likiwa na kipotoshi kimoja kilichokufa, yaani ambacho hakuna anayeweza kukiamini, anakisia kati ya matatu na anafikia kama 17. Vikifa viwili, anafika 25 bila kujua chochote. Basi nusu ya alama inakuwa si kipimo cha kitu.

Ni afadhali vipotoshi vichache vilivyo hai. Mtafiti Michael Rodriguez alikusanya mwaka 2005 matokeo ya utafiti wa miaka 80 kuhusu jambo hili, akaona kwamba majibu matatu kwa kawaida yanatosha, kwa sababu ni nadra mtunzi kupata kipotoshi cha tatu chenye uhai. Lakini mitihani yetu imezoea manne. KCPE iliyofanywa kuanzia 1985 hadi 2023 ilikuwa na A, B, C na D, na mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita, ulioanza 2022, nao umeendelea na maswali ya kuchagua.

Kulipima swali lenyewe

Baada ya mtihani, mwalimu anaweza kulisahihisha swali kama anavyowasahihisha watoto. Hakuhitajiki mashine. Tuseme darasa lina watoto 45. Panga karatasi kwa jumla ya alama, chukua 15 za juu na 15 za chini, kisha hesabu ni wangapi katika kila kundi waliochagua kila jibu.

Kwa swali la mbuzi, tuseme 12 wa kundi la juu walichagua 25, wawili wakachagua 20, na mmoja 50. Katika kundi la chini wanne walichagua 25, sita wakachagua 50, watatu 20 na wawili 33 na theluthi. Hili ni swali zuri. Wanaojua wanalipata, wasiojua wanalikosa, na kila kipotoshi kimempata mtu wake. Tena linamwambia mwalimu la kufanya Jumatatu: watoto sita wa kundi la chini wamesahau nauli, basi waketi pamoja wafundishwe nauli.

Ingekuwaje kama 33 na theluthi haingechaguliwa na mtu hata mmoja? Kimekufa, kibadilishwe. Na ingekuwaje kama kundi la juu wengi wangechagua 20? Hapo mwalimu asiwalaumu watoto. Afungue swali lake upya, maana aghalabu ama amekosea jibu, ama ameandika swali lenye majibu mawili, kama nilivyofanya mimi kabla ya kukutana na mzee. Nitahadharishe tu kwamba darasa la watoto 45 ni dogo. Mtoto mmoja au wawili wakiwa na homa siku hiyo, hesabu inayumba. Haifai kulitupa swali kwa tofauti ya watoto wawili.

Kwa upande wa anayejibu

Sasa mwanafunzi anayesoma ukurasa huu atauliza, haya yananihusu nini? Yanamhusu sana. Akijua jinsi chakula kilivyopikwa atajua wapi pa kutafuta mfupa.

Jambo la kwanza ni kwamba kulikuta jibu lako kati ya yale manne si ushahidi kwamba umepata. Huu ndio udanganyifu unaowaangusha wengi. Mtoto anahesabu, anapata 50, anaona 50 imeandikwa, anafurahi na kupita. Lakini mtunzi aliiweka 50 pale kwa ajili yake hasa. Kwa hiyo funika majibu kwa kiganja, fanya hesabu yako hadi mwisho, kisha ondoa kiganja. Ukilikuta jibu lako, lirudishe katika swali ulijaribu: asilimia 25 ya 48,000 ni 12,000, na 48,000 ukiongeza 12,000 ni 60,000. Imekubali. Jaribu 50 hivyo hivyo: nusu ya 48,000 ni 24,000, jumla 72,000. Imekataa. Kazi hiyo haichukui dakika moja.

Jambo la pili, usipojua njia, usiulize tu “lipi linaonekana zuri?” Uliza kila jibu, “mtu angekosea vipi hata akafika kwako?” Ukiweza kuitaja njia ya kosa, jibu hilo umelivua nguo. Si rahisi mwanzoni, lakini wanafunzi wangu waliizoea nilipowapa kazi ya nyumbani ya kutunga wao wenyewe: swali moja, jibu moja, na makosa matatu ambayo rafiki yao angeweza kuyafanya. Yule msichana wa ubaoni alitunga swali la faida ambamo mwenye kusahau nauli alikuwa na jibu lake tayari. Hakulisahau lori tena.

Kuhusu kubadili jibu, wapo wanaoshauri kwamba wazo la kwanza lisiguswe. Watafiti waliochunguza vifutio kwenye karatasi za majibu wameona kinyume: mara nyingi anayebadili hutoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi. Ukirudia swali na kuona neno ambalo hukuliona, kama “zote” katika “gharama zake zote”, futa bila woga. Usifute kwa wasiwasi tu, au kwa sababu umeweka B mara nne mfululizo. Na usiache nafasi tupu katika mtihani ambao haukati alama kwa kosa. KCPE haikuwa ikikata.

Kwa familia itakayopenda kujaribu baada ya chakula cha mchana, swali ni hili. Basi liliondoka Garissa saa 2.30 asubuhi likafika Nairobi saa 9.15 alasiri siku hiyohiyo. Safari ilichukua muda gani?

A. Saa 6 dakika 45
B. Saa 7 dakika 15
C. Saa 7 dakika 45
D. Saa 11 dakika 45

Jibu ni A. Kazi ni kusema aliyechagua kila moja ya yale mengine alikosea wapi. Wa B alitoa 15 kutoka 30 kwa kuwa ndiyo rahisi. Wa C alikopa saa moja akasahau kuipunguza. Wa D alijumlisha.